Kushusha mfumuko wa bei kuna bei yake: hesabu ya Volcker

Jumamosi jioni ya tarehe 6 Oktoba 1979, waandishi wa habari wa Washington waliitwa kwa ghafla makao makuu ya Benki Kuu ya Marekani. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa ziarani mjini humo siku hiyohiyo, kwa hiyo kamera nyingi zilikuwa zinamfuata yeye. Waliofika benki walimkuta Paul Volcker, mwenyekiti aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, akieleza jambo lililosikika kama la kitaalamu mno: benki itaacha kuishikilia riba mahali pamoja, na badala yake itabana kiasi cha fedha kinachoingia katika mfumo wa mabenki. Maana yake, riba ipande mpaka itakapofika.

Na ilipanda kweli. Katikati ya mwaka 1981 riba ambayo mabenki ya Marekani hutozana kwa mkopo wa usiku mmoja ilipita asilimia 19. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulifikia asilimia 18 mwezi Oktoba mwaka huo. Viwanda vilipunguza watu, ujenzi ukasimama, na kufikia mwisho wa 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.8, yaani watu wapatao milioni 12 waliokuwa wakitafuta kazi bila kuipata. Lakini bei nazo zilitulia. Mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 13.5 kwa wastani wa mwaka 1980 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.2 mwaka 1983.

Mtu yeyote anaweza kuona kwamba hapo kuna kitu kimetolewa na kitu kimepatikana. Wanauchumi wao huuliza swali la duka: kwa kila pointi moja ya mfumuko iliyoondolewa, nchi ililipa kiasi gani? Jibu la swali hilo ni namba moja inayoitwa uwiano wa kafara. Unachukua uzalishaji uliopotea wakati wa kubana uchumi, ukiupima kama asilimia ya pato la taifa la mwaka mmoja, halafu unaugawanya kwa pointi ambazo mfumuko umeshuka. Pointi hapa ni hatua ya kutoka asilimia 10 kwenda 9, au 5 kwenda 4. Uwiano ukiwa 3, basi kushusha mfumuko kwa pointi moja kumegharimu sawa na asilimia 3 ya vitu vyote na huduma zote ambazo nchi huzalisha kwa mwaka.

Kanuni hiyo inasomeka kwa pumzi moja. Ugumu uko katika kuijaza, na kesi ya Volcker ndiyo inayofaa kujifunzia kwa sababu takwimu zake zipo wazi na matukio yake yanajulikana mwezi kwa mwezi. Tuifanye pamoja, taratibu.

Kwanza tunahitaji kujua mfumuko umeshuka kiasi gani. Tuanze na 1981, mwaka ambao mbano ulishika kwelikweli, tuishie 1985, uchumi ulipokuwa umeshainuka. Kwa kipimo cha bei za walaji, wastani wa 1981 ulikuwa asilimia 10.3 na wa 1985 ulikuwa asilimia 3.6. Tofauti ni pointi 6.7. Hiyo ndiyo namba ya kugawia.

Pili, tunatafuta uzalishaji uliopotea, na hapa ndipo kazi ilipo. Kilichopotea hakionekani popote. Gari ambalo halikuundwa Detroit mwaka 1982 halina namba ya usajili. Njia rahisi ya kulifikia ni kupitia ajira. Kila uchumi una watu kadhaa wasio na kazi hata mambo yakiwa shwari: wanaobadilisha kazi, wanaohama mji, wanaomaliza shule. Tuseme kwa Marekani ya wakati ule kiwango hicho cha kawaida kilikuwa asilimia 6. Chochote kilichozidi hapo tukihesabu kuwa ni matokeo ya mbano.

Wastani wa ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 9.7 mwaka 1982, asilimia 9.6 mwaka 1983, asilimia 7.5 mwaka 1984 na asilimia 7.2 mwaka 1985. Toa 6 katika kila mwaka, kisha jumlisha ziada:

3.7 + 3.6 + 1.5 + 1.2 = 10.0

Jumla hiyo ya 10 si asilimia ya kawaida. Ni kama fundi anavyohesabu siku za kazi: vibarua wawili kwa siku tano na vibarua watano kwa siku mbili vyote ni siku kumi. Vivyo hivyo, pointi moja ya ziada ya ukosefu wa ajira ikikaa mwaka mzima tuiite pointi-mwaka moja. Marekani ilitumia pointi-mwaka 10.

Tatu, tunageuza ajira kuwa uzalishaji. Hapa tunamhitaji Arthur Okun, mwanauchumi aliyewahi kuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Lyndon Johnson. Mwaka 1962 Okun alionyesha kwamba ukosefu wa ajira ukipanda kwa pointi moja, pato la taifa hupungua kwa zaidi ya asilimia moja, kwa sababu mbano haugusi waliofukuzwa peke yao. Waliobaki nao hupunguziwa saa, mashine hukaa bila kazi, na wengine hukata tamaa wakaacha hata kutafuta kazi, wakatoweka katika takwimu. Okun mwenyewe alipata karibu asilimia 3 kwa kila pointi. Waliomfuata, wakiwa na takwimu ndefu zaidi, hutumia 2. Tukitumia 2, pointi-mwaka 10 ni sawa na asilimia 20 ya pato la mwaka mmoja.

Msomaji asishtuke. Haina maana kwamba uchumi wa Marekani ulipungua kwa asilimia 20. Hasara hiyo imetapakaa kwenye miaka minne, na nusu yake na zaidi imeangukia 1982 na 1983. Tumeikusanya tu ili tuipime kwa kipimo kimoja.

Hatua ya mwisho ni kugawanya: 20 kwa 6.7 ni 2.99, tuseme 3. Kila pointi ya mfumuko iliyoondolewa iligharimu asilimia 3 ya pato la mwaka. Pato la Marekani mwaka 1981 lilikuwa dola trilioni 3.2 hivi, kwa hiyo asilimia 20 yake ni dola bilioni 640, na kila pointi ilisimama kwenye dola bilioni 95 na ushei.

Sasa tuitikise hesabu hiyo tuone kama itasimama.

Mtu mwingine anaweza kusema kwamba kiwango cha kawaida cha ukosefu wa ajira hakikuwa 6. Vijana wengi waliozaliwa baada ya vita walikuwa wanaingia kwenye soko la ajira miaka ile, na vijana hubadilisha kazi mara kwa mara. Labda kilikuwa 6.5. Ukiweka 6.5, ziada inakuwa pointi-mwaka 8 badala ya 10, hasara inakuwa asilimia 16, na uwiano unashuka hadi 2.4. Ukiweka 7, ziada inabaki 6 tu na uwiano unakuwa 1.8. Yaani kwa kusogeza pointi moja kitu ambacho hakuna ofisi ya takwimu inayoweza kukipima moja kwa moja, gharama imepungua kwa karibu nusu. Mimi naona hili ndilo jambo la kwanza la kumuuliza mtu yeyote anayekuletea uwiano wa kafara uliokwisha pikwa: kiwango cha kawaida umekiweka wapi, na kwa nini?

Mwaka wa kuanzia nao una mambo yake. Ukianza hesabu na mfumuko wa 1980, uliokuwa 13.5, mfumuko umeshuka kwa pointi 9.9. Itabidi basi uingize pia ziada ya ajira ya 1980 na 1981, ambayo ni 1.1 na 1.6, maana wastani wa ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 7.1 na 7.6. Pointi-mwaka zinakuwa 12.7, hasara asilimia 25.4, na uwiano 2.6. Mbano unaonekana kuwa nafuu kuliko tulivyopata mwanzo.

Lakini hiyo 13.5 yenyewe ina kasoro ya ajabu. Wakati ule kipimo cha bei za walaji cha Marekani kilihesabu riba ya mkopo wa nyumba kama sehemu ya bei ya makazi. Volcker alipopandisha riba ili kuua mfumuko, kipimo cha mfumuko kilipanda kwa sababu hiyohiyo, na riba iliposhuka baadaye kikashuka kwa kasi kuliko bei za vitu vingine. Ofisi ya takwimu iliachana na utaratibu huo mwanzoni mwa 1983, ikaanza kutumia makisio ya kodi ya pango. Kwa hiyo sehemu ya zile pointi zilizoshuka ilikuwa kivuli cha riba, na anayeanzia kwenye kilele cha 1980 anajipatia namba kubwa ya kugawia bila jasho.

Kwa hiyo niseme hivi: gharama ilikuwa kati ya asilimia 2 na 3 ya pato la mwaka kwa kila pointi. Anayekutajia desimali mbili anakupa uhakika ambao hesabu haina.

Hata hivyo, safu hiyo pana inatosha kujibu swali moja kubwa. Mwaka 1978, kabla Volcker hajashika kiti, Okun huyohuyo alikusanya makadirio ya wanauchumi wenzake kuhusu gharama ya kushusha mfumuko. Wastani wao ulikuwa asilimia 10 ya pato la mwaka kwa kila pointi moja. Waliotaja kidogo walisema 6, waliotaja kingi walisema 18. Zidisha hiyo 10 kwa pointi zetu 6.7 na unapata hasara ya asilimia 67, theluthi mbili za pato la mwaka mzima. Ni rahisi kuelewa kwa nini wanasiasa wa miaka ya sabini walikwepa: kwa namba hizo, dawa ilionekana mbaya kuliko ugonjwa. Okun alifariki Machi 1980, hakuona kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba gharama ilikuwa nzito, mdororo ukawa mkubwa kuliko wowote tangu vita vya pili vya dunia hadi wakati ule, na bado ilikuwa kama theluthi ya kile walichotabiri.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Makadirio ya 1978 yalitegemea mwenendo wa miaka iliyopita, na katika miaka hiyo watu walikuwa wamejifunza kutoiamini Benki Kuu. Chama cha wafanyakazi kikiketi kujadili mkataba wa miaka mitatu, swali lake ni bei zitakuwa wapi mwaka wa pili na wa tatu. Kikiamini mfumuko utabaki asilimia 10, kitadai nyongeza ya 10, mwajiri ataiingiza kwenye bei, na mfumuko utabaki hapo hata kama maghala yamejaa bidhaa zisizonunuliwa. Njia pekee ya kuuvunja mduara huo kwa nguvu ni kuwaacha watu bila kazi muda mrefu hadi madai yalegee. Lakini chama kikiamini kwamba mara hii benki haitarudi nyuma, kitapunguza madai mapema, na sehemu ya kafara haitahitajika.

Thomas Sargent aliusukuma mbali zaidi mtazamo huo katika utafiti wake wa 1982 kuhusu Ujerumani, Austria, Hungaria na Poland baada ya vita vya kwanza vya dunia. Huko bei zilikuwa zikipanda kwa maelfu ya asilimia, kisha zikasimama karibu ghafla serikali zilipobadilisha kabisa namna ya kukusanya na kutumia fedha, na gharama ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na zile 6 hadi 18 za Wamarekani. Miaka kumi na miwili baadaye, Laurence Ball alilinganisha vipindi vingi vya kushusha mfumuko katika nchi zilizoendelea, akakuta kwamba mbano wa haraka huwa na uwiano mdogo kuliko wa polepole, na vilevile nchi ambazo mikataba ya mishahara hubadilika kwa wepesi.

Volcker mwenyewe alitoa ushahidi wa upande wa pili, tena bila kukusudia. Aprili 1980 riba ya usiku mmoja ilikuwa zaidi ya asilimia 17. Uchumi ulipoporomoka, iliachwa ianguke hadi asilimia 9 kufikia Julai. Mdororo ukaisha haraka, mfumuko ukabaki mkubwa, na mbano ukabidi uanze upya. Kafara ya nusu ya kwanza ya 1980 ilinunua kidogo sana, zaidi ya kuwathibitishia wenye shaka kwamba benki bado inaweza kuogopa. Ndiyo maana ule wa pili ulilazimika kuwa mkali na mrefu.

Hata hivyo, si kila pointi iliyoshuka ilikuwa kazi ya Volcker. Bei ya mafuta ilianza kulegea baada ya 1981. Dola ilipata nguvu mpaka 1985, na bidhaa kutoka nje zikawa rahisi kwa Wamarekani. Pointi zilizopatikana kwa njia hiyo zinaingia kwenye kigawanyo chetu kama kawaida, na zinafanya kafara ionekane ndogo.

Kuna jambo lingine ambalo uwiano haulisemi hata ukikokotolewa kwa uangalifu wote: nani alilipa. Asilimia 3 ya pato la mwaka ni wastani wa taifa. Jimbo la Michigan, la viwanda vya magari, lilipita asilimia 16 ya ukosefu wa ajira. Miongoni mwa Wamarekani weusi kiwango kilizidi asilimia 20 mwanzoni mwa 1983. Wajenzi wa nyumba walimtumia Volcker vipande vya mbao kwa posta, vikiwa vimeandikwa malalamiko, maana mbao hizo hazikuwa na nyumba ya kwenda. Wakulima walipeleka matrekta yao kwenye jengo la benki. Wenye akiba, kwa upande wao, walikuwa wanavuna riba ambayo hawajawahi kuiona.

Na wapo waliolipa wakiwa nje kabisa ya hesabu. Agosti 1982 Meksiko ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Nchi zilizokuwa zimekopa kwa dola ziligeukiwa na riba, na wakati huohuo mdororo wa nchi tajiri ulishusha bei za malighafi zilizowapatia dola hizo. Zaire, iliyoishi kwa shaba na iliyokuwa tayari inaomba kupangiwa upya madeni yake, ilijikuta imebanwa pande zote mbili. Hakuna hata senti ya hasara hiyo iliyomo kwenye dola bilioni 640 zetu.

Je, tunaweza kufanya hesabu hii kwa nchi zetu? Tujaribu Kenya ya 2011. Ukame ulipandisha bei za chakula, shilingi ikaanguka hadi kugusa 107 kwa dola mwezi Oktoba, na mfumuko ukafika asilimia 19.7 mwezi Novemba. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi 18 mwezi Desemba. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2012, mfumuko ulikuwa asilimia 3.2. Pointi zaidi ya 16 kwa miezi kumi na mitatu! Ukichukua kupungua kidogo kwa ukuaji wa uchumi ukakugawanya kwa pointi hizo, utapata uwiano ambao Volcker angeuonea wivu. Lakini katika miezi hiyo mvua zilinyesha na mahindi yakapatikana. Unga ulioshuka bei kwa sababu ya mvua haukununuliwa na mtu aliyepoteza kazi. Tena, kule ambako wengi wanaishi kwa shamba na kibarua, ukosefu wa ajira rasmi haupimi kilichopotea, kwa hiyo ngazi ya Okun tuliyoipanda mwanzo haina mahali pa kuegemea. Kwa Kenya ningeanza kwa kutenga chakula na mafuta pembeni, ndipo niangalie kilichobaki.

Marekani yenyewe ilirudi kwenye mtihani huo mwaka 2022. Mwezi Juni mfumuko ulikuwa asilimia 9.1. Lawrence Summers, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, alisema mwezi huohuo kwamba ili kuudhibiti ingehitajika miaka mitano ya ukosefu wa ajira wa asilimia 6, au miaka miwili ya asilimia 7.5, au mwaka mmoja wa asilimia 10. Msomaji aliyefuata hesabu yetu ataitambua mara moja. Chukua 5 kama kiwango cha kawaida: pointi 1 kwa miaka 5, pointi 2.5 kwa miaka 2, pointi 5 kwa mwaka 1. Zote ni pointi-mwaka 5. Ukitumia bei ya Volcker, ambapo pointi-mwaka 10 zilinunua pointi 6.7, basi 5 zingenunua pointi 3 na ushei.

Benki Kuu ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Juni 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 3, umeshuka kwa pointi 6.1. Ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.6 mwanzoni mwa kipindi hicho, na ulikuwa asilimia 3.6 mwishoni. Ziada ya kujumlisha haipo, kwa hiyo uwiano unatoka karibu sifuri. Wapo wanaosema ni matunda ya watu kuiamini benki tangu enzi za Volcker. Wapo wanaosema ni meli, makontena na chipu za kompyuta kurudi katika mwendo wake baada ya korona, pamoja na nishati kushuka baada ya mshtuko wa vita vya Ukraine, kwa hiyo pointi nyingi zingeshuka hata bila riba. Ili kuwaamua ingebidi kutenganisha pointi zilizoshushwa na mbano na zile zilizoshuka zenyewe, na kigawanyo chetu huzipokea zote bila kuuliza zimetoka wapi.